Hisa kumi za shamba la Bwejuu: namna ya kupiga hesabu ya kodi unapouza hisa za kampuni yenye ardhi

Hapa Unguja kuna usemi unaopita barazani na hata kwenye meza za mawakili: "Usiuze shamba, uza kampuni." Hoja yake inaeleweka. Ukiuza shamba lenyewe utapita Kamisheni ya Ardhi, utapita Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, na hati itabadilishwa jina. Ukiuza hisa za kampuni inayomiliki shamba, hati inabaki kabatini na jina lilelile. Anayebadilika ni mwenye kampuni. Watu wakishafika hapo husema, basi, na kodi hakuna.

Kodi ipo, tena inaweza kuja mara mbili. Moja inamfuata aliyeuza hisa. Nyingine inaifuata kampuni yenyewe, ambayo haikuuza kitu wala haikupokea senti. Hii ya pili ndiyo inayowakamata watu hawana habari, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Mfano nitakaoutumia ni wa familia iliyoniletea karatasi zake wakati mambo yameshaharibika. Tarakimu na mahali nimevibadilisha, lakini umbo la kesi ni lilelile.

Kwanza, ujue unakwenda ofisi ipi

Zanzibar tuna mamlaka mbili za kodi na watu huzichanganya. Ardhi si jambo la Muungano. Sheria zake ni zetu, ikiwemo ile ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992 inayosema ardhi yote ni ya umma chini ya Rais wa Zanzibar, na ile ya Uhaulishaji Ardhi ya 1994. Kampuni pia tunaisajili kwetu, kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, yaani BPRA, kwa Sheria ya Kampuni ya 2013. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kodi ya faida itokanayo na ardhi ni ya ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar.

Siyo. Kodi ya mapato imo katika orodha ya mambo ya Muungano kwenye Katiba ya 1977, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inafanya kazi Bwejuu kama inavyofanya kazi Bagamoyo. Anayeisimamia huku ni TRA, ofisi yake ya Zanzibar, ingawa makusanyo hayo hubaki katika mfuko wa Serikali ya Mapinduzi. ZRA utakwenda kwa mambo yake, kama ushuru wa stempu wa hati ya uhaulishaji wa hisa. Risiti ya ZRA haifuti deni la TRA. Nimewahi kuoneshwa risiti ya stempu kwa kujiamini kabisa, kana kwamba ndiyo mwisho wa habari.

Pili, fungua kampuni uone ndani mna nini

Kampuni ya familia hii ilisajiliwa 2015. Wanahisa walikuwa watatu, ndugu wa baba na mama mmoja: kaka mkubwa hisa 500, dada hisa 300, na mdogo wao wa mwisho hisa 200. Jumla hisa 1,000, kila moja ililipiwa shilingi 120,000, yaani milioni 120. Fedha hizo zote zilikwenda kwenye kiwanja kimoja cha pwani kwa mkataba wa ukodishaji: milioni 90 kumfidia aliyekuwa na mkataba na minazi yake, milioni 10 gharama za upimaji na karatasi, na milioni 20 ukuta na kisima. Hawakujenga kitu kingine. Kampuni haikuwa na deni, haikuwa na wafanyakazi isipokuwa mlinzi, na akaunti yake ya benki ilikuwa ya kulipia kodi ya ardhi tu.

Kampuni ya namna hii ni mfuko, na ndani ya mfuko mna kiwanja tu. Thamani ya hisa zake ni thamani ya kiwanja, basi. Hapo unahitaji namba mbili na usizichanganye. Ya kwanza ni gharama ya kiwanja vitabuni, ambayo kwa familia hii ni milioni 120. Ya pili ni bei ya soko leo, na hiyo inataka ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, siyo maneno ya dalali. Mthamini aliwaandikia milioni 1,200. Kwa wepesi wa hesabu nitaiacha namba hiyo palepale kwa miaka yote mitatu ya kisa hiki, ingawa pwani ya kusini mashariki haijui kusimama.

Kama kampuni yako ina deni, angalizo. Tuseme kiwanja kina thamani ya milioni 1,200 na kampuni inadaiwa na benki milioni 700. Mnunuzi wa hisa zote atatoa milioni 500. Hiyo ndiyo bei ya hisa, na faida ya muuzaji itapimwa kwayo. Lakini kodi ya upande wa kampuni, tutakayoifikia, haiangalii milioni 500. Inaangalia kiwanja chenyewe kwa bei yake kamili ya soko. Watu huja na mkataba wa hisa wa bei ndogo wakidhani kodi yote itakuwa ndogo, kumbe deni halikupunguza thamani ya ardhi hata shilingi moja.

Tatu, hesabu ya muuzaji

Hii ni nyepesi. Chukua ulichopokea, toa gharama ya kuzipata hisa, toa na gharama za kuuza kama wakili na mthamini. Kinachobaki ndicho faida. Sheria hairuhusu kuipandisha gharama ya zamani kwa sababu shilingi imeshuka, kwa hiyo milioni 36 za 2015 zitabaki milioni 36.

Dada aliuza hisa zake 300 tarehe 10 Machi 2020 kwa milioni 360. Gharama yake ilikuwa milioni 36, na wakili na mthamini walichukua milioni 4. Faida ni milioni 320. Kwa mkaazi wa Tanzania, kodi ya awamu moja ni asilimia 10 ya faida, kwa hiyo alilipa milioni 32. Asiye mkaazi hulipa kiwango cha juu zaidi. Awamu hiyo hulipwa wakati wa mauzo, na baadaye huhesabiwa kwenye ritani ya mwaka kama kodi iliyokwisha kulipwa. Kwa mtu binafsi mkaazi, kiwango cha mwisho kwa faida ya namna hii nacho ni asilimia 10, hivyo dada hakudaiwa zaidi. Angekuwa muuzaji ni kampuni, kiwango cha mwisho kingekuwa 30.

Msamaha wa hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam haukuhusu kampuni ya ukoo. Ukiuza kwa jamaa kwa bei ya udugu, TRA haifungwi na bei yenu. Kati ya watu wenye uhusiano sheria huitazama bei ya soko.

Dada alilipa, alipewa karatasi yake, na alikuwa sahihi kwa kila kitu. Hisa zake zilikuwa asilimia 30 na hazikuamsha kanuni yoyote.

Nne, chora mstari wa umiliki mpaka umfikie mtu

Hapa ndipo penye mwiba. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, chapa ya 2019, kinasema hivi kwa maneno ya kawaida: umiliki wa mwisho wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50, ukiulinganisha na ulivyokuwa wakati wowote ndani ya miaka mitatu iliyopita, kampuni itahesabiwa kuwa imeuza mali zake zote muda mfupi kabla ya mabadiliko hayo. Imeuza kwa bei ya soko, halafu imezinunua tena kwa bei hiyohiyo. Hakuna mnunuzi wala fedha. Kilichopo ni faida ya vitabuni, na kodi isiyokuwa ya vitabuni.

Maneno matatu yanataka kusomwa polepole.

"Umiliki wa mwisho" ni wa watu wenye pumzi. Kama hisa za kampuni yako zinamilikiwa na kampuni nyingine, na hiyo na nyingine, unaendelea kupanda juu mpaka ufike kwa binadamu. Katikati hapahesabiwi.

"Zaidi ya asilimia 50" maana yake ni zaidi. Nusu kamili haijavuka. Nusu na hisa moja imevuka.

"Wakati wowote ndani ya miaka mitatu" maana yake huangalii muamala mmoja mmoja. Unasimama siku ya mauzo, unageuka nyuma miaka mitatu, na unauliza: ukilinganisha na siku yoyote ndani ya kipindi kile, umiliki umehama kiasi gani? Mauzo madogomadogo yanajumlishwa.

Mimi huchora jedwali dogo kwenye karatasi kabla sijajibu swali lolote. La familia hii lilikuwa hivi:

| Tarehe | Kaka | Dada | Mdogo | Mnunuzi |
|---|---|---|---|---|
| Kabla ya 10/3/2020 | 500 | 300 | 200 | 0 |
| Baada ya 10/3/2020 | 500 | 0 | 200 | 300 |
| Baada ya 16/8/2021 | 500 | 0 | 0 | 500 |
| Baada ya 2/2/2023 | 490 | 0 | 0 | 510 |

Mdogo mtu aliuza Agosti 2021 kwa mnunuzi yuleyule. Naye alilipa awamu yake. Sasa asilimia 50 kamili ilikuwa imehama, na kanuni ilikuwa bado imelala.

Kisha mnunuzi akataka kukopa benki ajenge bangalo. Benki ikamwambia inataka kumwona akiwa na wingi wa hisa. Akaenda kwa kaka, akamwomba amwachie hisa kumi tu, na atazilipia kwa bei kamili. Kaka hakuona ubaya. Hisa kumi kati ya elfu moja ni asilimia moja. Tarehe 2 Februari 2023 wakasaini, kaka akapokea milioni 12.

Tano, hesabu ya kampuni

Alinijia Machi hiyo, bahasha ya kaki kwapani, akitaka nimjazie fomu ya kodi ya zile hisa kumi. Alikuwa ameshaipiga mwenyewe kwa kalamu nyuma ya bahasha, na alikuwa sahihi: milioni 12 toa gharama ya milioni 1.2, faida milioni 10.8, kodi asilimia 10, shilingi 1,080,000.

Nikamwomba rejesta ya wanahisa. Nikasoma tarehe. Nikamwuliza, "Kaka, dada aliuza lini hasa?"

"Kabla ya korona haijatufungia. Machi, tarehe kumi. Nakumbuka kwa sababu alisafiri kesho yake."

Nilichukua bahasha ileile nikaandika chini ya hesabu yake:

```
Bei ya soko ya kiwanja     1,200,000,000
Toa gharama ya kiwanja       120,000,000
Faida ya kampuni           1,080,000,000
Kodi ya kampuni, 30%         324,000,000
```

Alidhani nimezidisha sifuri. Akaihesabu mara mbili kwa kidole.

"Lakini kampuni haijauza kitu."

Ni kweli haijauza. Ndiyo maana ya kanuni yenyewe. Ukisimama 2 Februari 2023 na kurudi nyuma miaka mitatu, unafika 2 Februari 2020, na siku hiyo dada alikuwa bado na hisa zake 300. Kwa hiyo hisa 300 za dada, 200 za mdogo na 10 za kaka zote zimo ndani ya kipimo kimoja. Asilimia 51 imehama. Hisa kumi za milioni 12 ziliamsha kodi ya milioni 324 ndani ya kampuni.

Na nani anaibeba? Kampuni ndiyo inayodaiwa, lakini kampuni ni wenye hisa waliomo siku ile. Dada na mdogo walishatoka na fedha zao. Waliobaki ni mnunuzi mwenye asilimia 51 na kaka mwenye 49. Sehemu ya kaka, ukiigawa kwa hisa, ni karibu milioni 159. Alipokea 12.

Namna ya kulipa nayo ina mpangilio wake. Awamu ya asilimia 10 juu ya faida ya ardhi, yaani milioni 108, hudaiwa mwanzo, na milioni 216 zilizobaki huja na ritani ya mwisho wa mwaka, ambayo hupelekwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Kampuni haikuwa na hata milioni moja benki. Tuliandika barua TRA kuomba kulipa kwa mafungu, na mnunuzi akaikopesha kampuni fedha. Deni hilo la mnunuzi sasa liko juu ya kiwanja, na kaka anajua maana yake.

Kinachouma zaidi ni kalenda. Dada aliuza 10 Machi 2020. Kaka angengoja mpaka 11 Machi 2023, siku 37 tu, angegeuka nyuma miaka mitatu na kumkuta dada ameshaondoka. Kilichohama kingekuwa hisa 210 peke yake, asilimia 21. Kodi ya kampuni ingekuwa sifuri.

Msomaji mwerevu atasema: basi nasaini leo, nalipwa leo, tarehe naandika ya mwezi ujao. Usijaribu. Ikiwa fedha zimeshalipwa na mnunuzi ameshaanza kuamua mambo ya kampuni, umiliki umehama kwa maana ya kweli, na sheria ina kifungu cha jumla, cha 35, kinachomruhusu Kamishna kuupuuza mpango uliowekwa kwa ajili ya kukwepa kodi. Kungoja kwa kweli kunaruhusiwa. Kuandika tarehe ya uongo ni kosa la jinai.

Sita, mauzo yakifanyika ng'ambo

Sasa badilisha sura. Tuchukue hoteli ya Kiwengwa. Kampuni ya Zanzibar ina mkataba wa ukodishaji wa ardhi na majengo. Asilimia 80 ya hisa zake inashikwa na kampuni ya Dubai, na hiyo kampuni ya Dubai ni ya ndugu wawili. Ndugu hao wanauza hisa zote za kampuni ya Dubai kwa mtu mwingine, mkataba unasainiwa Dubai, fedha zinapita Dubai. Huku Unguja hakuna aliyeona karatasi, na rejesta ya BPRA bado inaonesha mwanahisa yuleyule.

Hii ndiyo huitwa uhamishaji usio wa moja kwa moja. Serikali nyingi ziliamka baada ya kesi ya Vodafone nchini India. Mwaka 2007 Vodafone ilinunua kampuni ya simu ya India kwa kununua hisa ya kampuni iliyosajiliwa visiwa vya Cayman, na Januari 2012 Mahakama ya Juu ya India ikasema sheria ilivyo haiwezi kuyafikia mauzo hayo. Kwetu, mabadiliko ya sheria ya 2012 ndiyo yaliyolenga mauzo ya hisa za kampuni mama zilizoko nje.

Kuna njia mbili za kuyafikia. Moja ni kumfuata muuzaji huko aliko, ambayo ni ngumu, kwani hana mali hapa na huenda analindwa na mkataba wa kodi kati ya nchi. Mikataba inayofuata sampuli ya Umoja wa Mataifa au ya OECD huiachia nchi yenye ardhi haki ya kutoza pale ambapo zaidi ya nusu ya thamani ya hisa inatokana na ardhi iliyoko huko, na tangu 2017 sampuli hizo hutazama siku 365 zilizotangulia mauzo, ili mtu asiijaze kampuni fedha taslimu wiki moja kabla ya kuuza na kuipunguza ardhi kwenye uwiano. Lakini si kila mkataba una ibara hiyo, kwa hiyo husomwa mmoja mmoja.

Njia ya pili ni kifungu cha 56, na ndiyo yenye meno. Haimtafuti muuzaji. Inapanda ngazi kutoka kampuni ya Kiwengwa, inapita ya Dubai bila kusimama, inafika kwa watu: jana walikuwa ndugu wawili kwa asilimia 80, leo ni mtu mwingine. Zaidi ya 50 imehama. Kampuni ya Kiwengwa inahesabiwa imeuza hoteli, na deni linakaa hapahapa penye kuta na mchanga. Mkataba wa kodi wa muuzaji hausaidii sana, maana anayetozwa ni kampuni ya hapa juu ya ardhi ya hapa. Angalia pia kuwa kodi inashika mali yote ya kampuni, siyo asilimia 80 yake. Yule mwenye asilimia 20, aghlabu Mzanzibari aliyeingia na ardhi, hakuuza chochote na huenda hakuambiwa. Anaumia naye.

Ukiwa mwenye asilimia 20, dalili za kutazama ni hizi. Wakurugenzi wawili wanajiuzulu siku moja. Benki inaleta fomu mpya za watia saini na inataka pasipoti za watu usiowajua. Mkaguzi anaongeza mstari kwenye maelezo ya hesabu kuhusu mmiliki mkuu mpya. TRA wanasoma hesabu hizohizo. Uliza kwa barua, taka jibu kwa barua.

Saba, yaandike kabla ya kusaini

Mkataba wa hisa wa kampuni yenye ardhi unataka vipengele vitatu ambavyo mawakili wa haraka huviruka.

Cha kwanza: muuzaji athibitishe kwa maandishi historia ya hisa kwa miaka mitatu iliyopita, pamoja na mabadiliko ya huko juu kama mwanahisa ni kampuni. Bila hiyo mnunuzi ananunua asichokijua. Mnunuzi wetu wa Bwejuu alikuwa na taarifa zote mkononi, yeye ndiye aliyenunua mara zote tatu, na bado hakuna aliyezijumlisha.

Cha pili: iandikwe nani anabeba kodi ya kampuni endapo mauzo haya ndiyo yanayovuka nusu. Kama ni muuzaji, sehemu ya bei izuiliwe kwa wakili mpaka hesabu imalizike TRA. Ahadi tupu ya mtu aliyekwisha lipwa haina uzito.

Cha tatu ni cha wanahisa wenyewe na kinaingia katika katiba ya kampuni tangu mwanzo: asiuze mtu hisa, hapa wala juu, bila kuwajulisha wenzake kabla, na anayesababisha kuvuka nusu aifidie kampuni. Familia nyingi huona haya kuandikiana hivyo. Kaka wa Bwejuu aliniambia baadaye kwamba angeandika hata kwa mkaa ukutani.

Soma na mkataba wa ukodishaji wa ardhi. Kama una sharti la kuomba idhini ya Serikali pale umiliki wa kampuni unapobadilika, mauzo ya hisa kimyakimya yanaweza kuhatarisha ukodishaji wenyewe, na hapo kodi itakuwa tatizo dogo.

Nane, utaratibu wa karatasi

Anza na mthamini, ripoti iwe ya tarehe iliyo karibu na mauzo. Kisha jedwali la umiliki la miaka mitatu. Peleka TRA mkataba, rejesta, ripoti na hesabu mbili, ya muuzaji na ya kampuni, hata kama ya kampuni inasema haijavuka. Ni bora waione kwako kuliko waikute wenyewe, kwani riba ya kuchelewa huhesabiwa tangu siku iliyopaswa kulipwa. Ukishalipa, chukua cheti chao. Lipa stempu ZRA. Mwisho ndipo uende BPRA kubadilisha rejesta.

Hasara za nyuma, kama kampuni inazo, nazo zinaweza kupotea baada ya mabadiliko makubwa ya umiliki, hasa kampuni ikibadilisha biashara yake ndani ya miaka miwili. Shamba tupu la Bwejuu halikuwa na hasara za maana kwa hiyo hatukuhangaika nazo.

Jambo moja lilimnufaisha kaka, japo kwa uchungu. Kwa kuwa kampuni ilihesabiwa imekinunua tena kiwanja kwa milioni 1,200, hiyo ndiyo gharama yake mpya. Kampuni ikikiuza chenyewe kesho kwa milioni 1,300, faida ni milioni 100 tu. Lakini hisa za kaka hazikupandishwa: zile 490 bado zina gharama ya milioni 58.8, na akiziuza atatozwa tena ongezeko lilelile ambalo kampuni imeshalilipia. Kwa hiyo safari hii, kinyume na usemi wa barazani, nilimwambia apige kwanza hesabu ya kampuni kuuza kiwanja na kugawa gawio, ambalo kwa mtu binafsi hukatwa asilimia 10, kabla hajafikiria kuuza hisa. Na ile ripoti ya mthamini ya 2023 aiweke pamoja na hati, si kwenye bahasha ya kaki, kwa sababu siku ya kuuza ndiyo ushahidi pekee wa ile gharama mpya.